Kalori zinakaribia kwisha, protini bado: chakula cha jioni kiweje?

"Nimebakiza kalori 350 na protini bado gramu 45. Nipo Kampala, nyumbani kuna maharage, mayai na karanga. Nipike nini?"

Ndugu, gawa 350 kwa 45: unapata karibu 8. Chakula cha jioni kikizidi kalori 8 kwa kila gramu ya protini, hesabu haifungi. Maharage ni kama 15, yai zima 12, karanga zaidi ya 20. Ndiyo maana mchuzi wa karanga, mtamu kama ulivyo, hautakuokoa leo.

Sato yuko kwenye 5 hivi, kwa hiyo pita sokoni. Nyama yake mbichi isiyo na miba, gramu 220, ina protini kama gramu 44 na kalori 210. Mpike kwa nyanya, kitunguu na kijiko kimoja cha chai cha mafuta, pembeni weka nakati au sukuma wiki. Jumla itakaribia kalori 330. Matoke na posho viache hadi kesho.

Pima nyama yake ikiwa mbichi, maana ikiiva hupoteza maji na tarakimu hizi hazitaifaa tena. Ukinunua samaki mzima, chini ya nusu ya uzito wake ndiyo nyama. Na usimnunue wa kukaanga barabarani: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120, na yeye amezama ndani yake.

Soko likiwa limefungwa, tumia ute wa mayai: mmoja una protini gramu 3.6 na kalori 17. Kumi na matatu yatakufikisha.