Mizani: M peke yake inahesabiwa?

"Kwenye shairi langu nimeandika 'Mkate wangu mtamu'. Nahesabu mizani sita, rafiki yangu anasema nane. Nani sahihi?"

Rafiki yako, ndugu. Itamke polepole: m-ka-te-wa-ngu-m-ta-mu. Hiyo M ni silabi kamili, inabeba mizani yake. "Ngu" lakini ni moja tu.

Ila hesabu pekee haitoshi. Kibwagizo changu, nilichokipata kituoni Mbagala, kilianza hivi: "Daladala imejaa sana, konda anaita." Mizani 16 kamili, lakini ukwapi, yaani nusu ya kwanza, una 10 na utao, nusu ya pili, sita. Ukikighani unasikia kabisa kinachechemea. Nikageuza: "Daladala imejaa, konda bado anaita." Nane kwa nane. Mimi huanza na kibwagizo, maana lazima kiingie akilini baada ya kila ubeti, na kukibadilisha ukishafika ubeti wa nne ni balaa.