Mbona Mpiga Fidla Hakanyagi Chini?

Juzi msomaji mmoja alinitumia kava ya albamu aliyoitengeneza, wanabendi wanne wameungwa kutoka picha nne, akauliza: "Kaka, mbona wanaelea?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kuulizwa mimi, na aliyeniuliza hakuwa anacheka.

Kilikuwa kikundi cha taarab, watu watano. Wawili wako Unguja, mmoja Mombasa, mmoja Dar, na mpiga kanuni yuko kazini Maskati. Kuwakutanisha haikuwezekana, kwa hiyo kila mtu alinitumia picha yake kwa simu. Nikachora baraza na ngazi za nyumba ya Mji Mkongwe, nikawakata watu, nikawabandika, nikalainisha kingo hadi saa tisa usiku. Asubuhi nikapeleka kazi kifua mbele. Kiongozi wao, mzee mpole, akaitazama kitambo, akasema: "Mwanangu, huyu fidla wetu mbona kama jini? Hakanyagi chini."

Nilirudi nyumbani nikamwekea kivuli miguuni. Bado anaelea. Nikakiongeza weusi, sasa akawa jini mwenye kivuli. Siku mbili nzima nilihangaika na vivuli, kumbe ugonjwa uko kwenye kimo cha kamera.

Ukisimama mahali tambarare, mstari wa upeo, pale bahari inapokutana na mbingu, huwa sawa na kimo cha jicho lako, au cha kamera. Kamera ikiwa kwenye usawa wa kifua, upeo utawakata vifuani watu wote wa kimo kimoja, wa karibu na wa mbali. Kuujua upeo wa picha, tafuta mistari ambayo kwa kweli imelala sambamba, kama vigae vya sakafuni au kingo za meza, uirefushe hadi ikutane. Ilipokutana ndipo palipokuwa na kimo cha kamera.

Nikazipima zote tano. Mwimbaji, mpiga dumbaki na mpiga kodiani walipigwa kamera ikiwa kifuani, kama mita 1.3 kutoka chini. Mpiga kanuni alijipiga mwenyewe simu ikiwa juu ya kichwa. Mpiga fidla alikuwa jukwaani na mpiga picha yuko chini, upeo ukampita magotini. Na mimi, kwa ujuzi wangu wote, nilikuwa nimewapanga wote kwenye sakafu moja!

Sikuomba picha mpya. Nilihamisha watu. Upeo nikauweka mita 1.3 na wale watatu wakabaki chini. Mpiga fidla nikampandisha ngazi ya nne: ngazi nne za sentimita 20 ni 80, ongeza goti lenye kama 50, upeo ukamkata palepale magotini. Mpiga kanuni nikamketisha ngazi ya chini kabisa, kichwa kikawa chini ya upeo kama kamera ilivyomwona. Picha yake iliishia kiunoni, basi nikavaa kanzu, nikakaa kwenye ngazi za kwetu na kujipiga picha miguu. Kanuni yenyewe mapajani ikaficha kiungo.

Ndugu zangu, acheni kukimbilia brashi kabla ya kupima. Nalisema kwa uchungu kwa sababu limenigharimu.

Mwanga nao uliniumbua. Angalia kivuli cha pua kinaangukia upande gani. Cha mpiga kodiani kilikuwa kinyume na wenzake, nikaigeuza picha kama kwenye kioo. Mzee akaona kabla hajavaa miwani: "Vitufe vya besi vya kodiani vimehamia mkono wa kulia?" Usimgeuze mwanamuziki. Nilimrudisha, nikavichora upya vivuli vya uso wake.

Kilichowafanya wawe watu wa mahali pamoja ni mkono mmoja kuwachora wote. Kwanza weka kila picha kwenye ukubwa wake wa mwisho, ndipo uchore juu yake. Nilitumia brashi moja ya pikseli 6 kwenye turubai ya pikseli 3000 kwa 3000. Ukichora kwanza kisha ukamkuza mtu, mistari yake inanenepa na jicho linamtoa kundini. Vivuli vyote nilivipaka zambarau moja kwenye leya ya `Multiply`, ile inayotia giza rangi zilizo chini yake, kikiwemo kile chembamba cheusi zaidi chini ya nyayo. Safari hii kivuli kilifanya kazi.

Albamu ilitoka mwezi uliopita. Mzee alipiga simu kunipongeza, akaniombea dua. Kwenye orodha ya walioshiriki yumo hadi dereva, jina langu halimo. Lakini miguu ya mpiga kanuni ni yangu, na ndala zangu zenye kamba iliyoshonwa zinaonekana wazi.