Excel: kupaka rangi leseni na mikataba inayoisha ndani ya siku 90, na orodha ya za kuhuisha

Swali: Wakuu, habari. Ofisini tuna leseni, bima na mikataba zaidi ya mia kwenye Excel. Nataka zinazoisha ndani ya siku 90 zijipake rangi zenyewe, halafu nipate orodha ya ipi ihuishwe kwanza. Nimejaribu Conditional Formatting lakini kuna zinazokaribia kuisha na hazina rangi. Naombeni msaada.

Jibu:

Mkuu, kabla hujagusa rangi, kagua tarehe zako. Ninatunza faili la aina hii kwenye kampuni ya malori, lenye bima za magari, leseni za LATRA, leseni ya biashara na mikataba ya pango, na karibu kila mara rangi inapokosekana kosa linakuwa kwenye tarehe, si kwenye fomula.

Excel huhesabu tarehe kama namba. Tarehe 2 Machi 2026 ni 46083, na ukiongeza 90 unapata 46173, yaani 31 Mei 2026. Sasa kompyuta nyingi za ofisini zimeachwa na mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza kisha siku. Tuseme leo ni hiyo 2 Machi. Karani anaandika bima inayoisha 14/03/2026. Mwezi wa 14 haupo, kwa hiyo Excel inaiacha kama maandishi. Na kwa Excel maandishi yoyote ni makubwa kuliko namba yoyote, hivyo bima iliyobakiza siku 12 inaonekana iko mbali kuliko siku 90. Haitapata rangi na hutaonywa kosa lolote.

Hiyo ina nafuu, kwa sababu maandishi hujipanga kushoto mwa seli na tarehe halisi hujipanga kulia, basi ukitazama safu utaiona. Mbaya zaidi ni 06/03/2026. Karani alimaanisha 6 Machi, Excel ikasoma 3 Juni. Ni tarehe halali, imekaa kulia vizuri, na iko nje ya siku 90 wakati hati imebakiza siku 4.

Zilizo maandishi zirekebishe hivi: chagua safu ya tarehe, nenda Data, Text to Columns, bonyeza Next mara mbili, chagua Date kisha DMY, malizia na Finish. Zilizogeuzwa siku na mwezi hakuna fomula ya kuzitambua kwa uhakika. Chukua kila tarehe ambayo siku yake ni 12 kushuka chini, uilinganishe na hati yenyewe kabatini. Kisha badili Short date kwenye Region ya Windows iwe dd/MM/yyyy, na safu uipe muundo wa dd-mmm-yyyy ili mwezi usomeke kwa herufi.

Jambo la pili ni tarehe ipi unaifuatilia. Wengi hupaka rangi siku ya mwisho ya mkataba, lakini kuna mikataba inayojirudia yenyewe usipotoa notisi ya maandishi mapema. Chukua mkataba wa ghala unaoisha 31 Julai 2026, wenye kifungu cha notisi ya siku 90. Kwa tarehe ya mwisho umebakiza siku 151, kwa hiyo hauna rangi. Lakini notisi lazima iwe imefika ifikapo 2 Mei, na hapo zimebaki siku 61 tu. Ukisubiri Julai iingie kwenye rangi, itaingia 2 Mei hiyohiyo, na hutakuwa na hata siku moja ya ziada ya kuandika barua.

Kwa hiyo mimi ninaweka safu mbili zaidi. A ni jina la hati, B anayeitoa, C namba yake, D tarehe ya kuanza, E tarehe ya mwisho, F siku za notisi, G tarehe ya kuchukua hatua. Kwa leseni na bima zisizo na notisi, kwenye F andika siku ambazo ofisi yako huhitaji kukusanya nyaraka na kupata hela, au 0. Kwenye G2 weka hii uishushe mpaka chini:

```
=IF(ISNUMBER(E2),E2-F2,"")
```

Sasa rangi. Chagua A2 mpaka G300, ukianzia A2, kisha Home, Conditional Formatting, New Rule, Use a formula to determine which cells to format. Unahitaji kanuni tatu, moja moja. Ya kwanza nyekundu, kwa zilizopitwa:

```
=AND(ISNUMBER($G2),$G2<TODAY())
```

Ya pili njano, kwa zilizo ndani ya siku 90:

```
=AND(ISNUMBER($G2),$G2>=TODAY(),$G2<=TODAY()+90)
```

Ya tatu kijivu, na hii usiiruke, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha mistari ambayo Excel imeshindwa kuihesabu:

```
=AND($A2<>"",NOT(ISNUMBER($G2)))
```

Ukiona kijivu, tarehe ni maandishi, au haipo, au mtu ameandika "siku 30" kwenye F badala ya 30. Alama ya dola mbele ya G ndiyo inayofanya mstari mzima ufuate safu moja. Ukiisahau, rangi itapaka seli hovyo. Na rangi ikiangukia mstari wa juu ya ule unaostahili, maana yake ulianza kuchagua kwenye A1 huku fomula inataja mstari wa 2.

Orodha weka kwenye shiti nyingine. Kama una Excel 2021 au Microsoft 365, na shiti ya kwanza inaitwa Hati, andika hii kwenye A2:

```
=SORT(FILTER(Hati!A2:G300,
ISNUMBER(Hati!G2:G300)*(Hati!G2:G300<=TODAY()+90)),7,1)
```

Itavuta zilizopitwa na zilizo ndani ya siku 90, ya haraka zaidi ikiwa juu. Safu za D, E na G zitatokea kama 46083, basi zipe muundo wa tarehe. Ikitoa #SPILL!, kuna kitu kimeandikwa chini au pembeni yake, kifute. Ikitoa #CALC!, hakuna hati yoyote ya kushughulikia kwa sasa.

Utashawishika kuifunika kwa IFERROR ili iandike "Hakuna". Usifanye hivyo. "siku 30" moja tu kwenye F inaleta #VALUE! kwenye G, na orodha yote inageuka #VALUE!. Ukiwa umeifunika, bosi atasoma "Hakuna" wakati malori mawili yako barabarani bila bima.

Kwenye Excel 2019 kushuka chini fomula hiyo itakupa #NAME?. Huko ongeza safu H kwenye shiti ileile:

```
=IF(ISNUMBER(G2),G2-TODAY(),"")
```

Iwe na muundo wa General, vinginevyo inaweza kukuonyesha tarehe za mwaka 1900. Washa Filter, kisha kwenye H chagua Sort Smallest to Largest. Rangi zitafuata mistari inavyohama, ila kupanga huku hakujirudii kwenyewe, hivyo kufanye upya kila unapoingiza hati mpya au kubadili tarehe.

Hati ikishahuishwa, badili tarehe kwenye mstari uleule badala ya kuongeza mstari mpya, la sivyo ule wa zamani utabaki mwekundu juu ya orodha.