Magunia mawili yote yamepungua 0.1, moja SAWA moja RUDIA: ROUND inakaa wapi kwenye fomula

Hii ni kwa wadogo zangu mnaokuja fildi maghalani na kwenye AMCOS huku Mbozi, Mbeya na Iringa, mnapewa kompyuta na shiti la mizani halafu mnaachwa. Kuna kitu kitawakuta na hakuna atakayewaambia kwa sababu wengi wakikiona wanasema Excel imeharibika, wanaizima wanaiwasha.

Tuchukue mfano wa kahawa maana ndiyo kazi yetu. Gunia linapimwa kijijini, linapimwa tena likifika ghalani Mlowo. Njiani kahawa inapoteza unyevu kidogo kwa hiyo mnakubaliana, likipungua gramu mia moja sio kesi, likizidi hapo linarudishwa kwenye mizani. Kijana anaandika uzito wa kijijini kwenye B, wa ghalani kwenye C, tofauti kwenye D, na kwenye E anaweka hii:

```
D2:  =B2-C2
E2:  =IF(D2>0.1,"RUDIA","SAWA")
```

Fomula haina kosa la kuandika, ukiisoma kwa sauti ndiyo makubaliano yenyewe. Sasa gunia la kwanza limetoka na 43.2 limefika na 43.1. Gunia la pili limetoka na 43.3 limefika na 43.2. Kolamu ya D inaonyesha 0.1 kote kote. Kolamu ya E inasema la kwanza RUDIA, la pili SAWA.

Hapo ndipo mjumbe aliyesindikiza mzigo anakusogelea, "Karani, mimi hesabu yangu ya darasa la saba lakini hii sifuri nukta moja na hii sifuri nukta moja, hii yangu ina nini?" Ukimjibu "kompyuta ndiyo imesema mzee" umekwisha, kwa sababu yeye ana haki na kompyuta nayo haijadanganya, ila inaona kitu ambacho wewe hujakifungua.

Kifungue basi. Bonyeza seli ya D2, nenda kwenye fomati ya namba ongeza desimali mpaka ziwe kumi na sita hivi. Utaona hivi:

```
43.2-43.1   ->  0.1000000000000010
43.3-43.2   ->  0.0999999999999943
```

Ya kwanza imezidi 0.1 kwa kiduchu kisichopimika kwenye mizani yoyote duniani, lakini imezidi, na wewe uliuliza "je imezidi". Ya pili iko chini ya 0.1. Zile 0.1 mbili ulizokuwa unaziona zilikuwa maonyesho tu, fomati inakata mkia usiuone ila thamani iliyoko ndani ya seli haijaguswa, na IF inasoma ya ndani. Njia nyingine ya kuuona mkia ni kuandika kwenye seli tupu `=(D2-0.1)`, badala ya sifuri inatoka 1.41553E-15, yaani kuna sifuri kumi na nne baada ya nukta ndipo namba inaanza.

Mkia umetoka wapi. Excel inatunza namba kwa floting pointi, utaratibu uliowekwa kwenye IEEE 754 ya mwaka 1985, na karibu kila programu inafuata huo huo. Ndani yake desimali hazijengwi kwa sehemu za kumi kama zetu, zinajengwa kwa nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita na kuendelea kugawa kwa mbili. Kwa hiyo 0.5 inaingia kamili, 0.25 kamili, 0.75 ni nusu na robo, kamili. Lakini 0.1 jaribu kuijenga kwa vipande hivyo, haifiki. Unaweka 1/16 inapungua, unaongeza 1/32 inapungua bado, unaendelea hivyo milele kama vile 1 gawanya kwa 3 kwenye daftari inavyokupa 0.3333 isiyoisha. Kompyuta haina milele, ina nafasi 53 za bainari kwa kila namba, ambazo kwetu sisi ni kama tarakimu 15 hivi za kuaminika, inajaza hizo nafasi, inachukua thamani ya karibu kabisa, basi.

Sasa sehemu ambayo watu wengi wanairuka. Hizo nafasi 53 ni za namba nzima, sio za desimali peke yake. Ukiandika 43.2, ile 43 inakula nafasi zake mbele, desimali inabaki na chache, kwa hiyo kosa la 43.2 ni kubwa kuliko kosa la 0.2 iliyo peke yake. Kwenye 43.2 hilo kosa halionekani, liko nyuma sana. Ila ukitoa 43.1, ile 43 inaondoka na 43 mwenzake, kinachobaki ni 0.1 ndogo pamoja na makosa ya zile namba kubwa mbili, na sasa hakuna kitu kikubwa mbele cha kuyafunika. Kosa halikuongezeka ila namba imekuwa ndogo. Ndiyo maana ugonjwa huu unapenda sana kazi zetu za ghala, uzito kabla toa uzito baada, gunia limejaa toa gunia tupu, salio la jana toa la leo.

Na usihangaike kukariri ni namba gani zinapita. 43.2 toa 43.1 imepigwa RUDIA, lakini 20.2 toa 20.1 inatoka SAWA, kwa sababu kila namba ilikadiriwa juu au chini kivyake na ukubwa wa namba ukibadilika na ukadiriaji unabadilika. Kwenye magunia ya kilo arobaini na kitu utakuta mengi yaliyopungua 0.1 yanapigwa RUDIA na machache yanapenya, kitu ambacho kinakera zaidi kwa sababu kinaonekana kama upendeleo.

Kitu kingine kitakachokuchanganya, ukienda kujaribu mwenyewe kwa mfano maarufu wa `=0.1+0.2=0.3` Excel inajibu TRUE, utasema aah mbona iko vizuri. Python ukiiuliza hiyo hiyo inajibu False. Excel inapolinganisha haitazami kupita tarakimu ya 15, kwa hiyo tofauti ndogo kabisa inazimeza. Ila mkia ukishaingia ndani ya tarakimu 15, kama kwenye gunia letu, hakuna kumezwa. Mimi naona huku kumeza ndiko kunakowaponza watu, maana shiti linafanya kazi vizuri msimu mzima halafu linageuka siku moja mbele ya wakulima.

Dawa ni ROUND, lakini inategemea umeiweka wapi. Wengi wakisikia ROUND wanafanya hivi:

```
=ROUND(B2,1)-ROUND(C2,1)
```

Haisaidii kitu. 43.2 ulishaiandika kama 43.2, ukiiraundi unapata 43.2 ile ile yenye kosa lile lile, halafu unatoa na mkia unarudi. Kosa linajitokeza kwenye kutoa, kwa hiyo ROUND inatakiwa ije baada ya kutoa, ikumbatie jibu:

```
D2:  =ROUND(B2-C2,1)
E2:  =IF(D2>0.1,"RUDIA","SAWA")
```

Mtu makini atauliza, sasa si 0.1 yenyewe haiingii kamili, ROUND inatoa nini? Inatoa ile 0.1 ya karibu kabisa ambayo kompyuta inaweza kuitunza, na ile 0.1 uliyoichapa ndani ya IF nayo inatunzwa hivyo hivyo. Zote hazijakamilika ila zimefanana mpaka nafasi ya mwisho, na kwenye kulinganisha tunachohitaji ni zifanane. Kwa hiyo kama pande zote mbili ni majibu ya hesabu, mfano unalinganisha tofauti hii na tofauti ile, raundi pande zote mbili kwa desimali zile zile.

Desimali ngapi? Angalia mizani, sio shiti. Mizani inayosoma mpaka 0.1 weka 1. Ukiletewa mizani inayosoma mpaka 0.01 halafu ukaacha 1 kwenye fomula, gunia lililopungua 0.14 litaraundiwa kuwa 0.1 na litapita SAWA wakati limezidi ruhusa kwa gramu arobaini za kweli. Hapo ROUND imefuta upungufu halisi, na hilo ni baya kuliko mkia tulioanza nao. Mizani ikibadilika badilisha na fomula, na ukiweza hiyo namba ya desimali iweke kwenye seli moja pembeni kila mtu aione.

Kuna chaguo kwenye seting za Excel linaitwa `Set precision as displayed`, atatokea mtaalamu wa mjini akuambie liwashe umalize kazi. Usiliwashe. Linakata thamani za faili zima kufuata zinavyoonekana, kwa hiyo kolamu ya bei au ya asilimia ya unyevu uliyoifomati ibaki na desimali moja inakatwa kweli kweli na huipati tena hata ukilizima.

Kabla hujamlaumu floting pointi pia hakikisha sio ugonjwa mwingine. Ukiwa umeletewa faili kutoka simu ya mtu, inawezekana 43.2 moja ni namba na nyingine ni maandishi yenye nafasi nyuma yake. Andika `=ISNUMBER(B2)` na `=ISNUMBER(C2)`, ikitoka FALSE popote basi ROUND sio dawa yako, safisha kwanza namba.

Na ugonjwa huu haukai kwenye IF peke yake. Kama una kijedwali cha makato, 0.1 haina kato, 0.2 kato hili, 0.3 kato lile, na unakitafuta kwa VLOOKUP yenye FALSE mwishoni, D isiyo na ROUND itakupa `#N/A` huku 0.1 unaiona kwa macho kwenye jedwali. Tiba ni ile ile, ROUND kwenye D. Mimi mashiti ninayoyatengeneza mwenyewe siku hizi uzito naingiza kwa gramu, 43200 na 43100, namba nzima haina mkia kutoa kwake kunatoka 100 kamili na fomula inauliza >100. Ila makarani wanalalamika sifuri ni nyingi wanakosea kuzichapa, kwa hiyo ghala likiwa na watu wengi wanaoingiza data narudi kwenye kilo na ROUND.