Slaidi zikikaa kimya, jedwali liseme nini?

"Nina slaidi za bidhaa yetu na za washindani wawili. Bosi anataka jedwali la kulinganisha, ila slaidi za wenzetu zimeruka mambo mengi. Pasipo na taarifa niweke nini?"

Mkuu, andika "Haijatajwa". Usiandike "Hapana", na usiache patupu, maana msomaji akikuta patupu hujijazia mwenyewe.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nalinganisha programu yetu ya stoo na mbili za washindani. Slaidi yetu ya 7 ilisema inafanya kazi bila intaneti. Za mshindani wa kwanza hazikugusa jambo hilo kabisa, nami nikampiga X. Kikaoni mteja anayetumia programu ya huyo mshindani akasema, "Hiyo tunayo, mtandao ukikatika tunaendelea kutoa mzigo." Baada ya hapo hata mistari niliyoipatia ikaanza kutiliwa shaka.

"Hapana" naiweka pale tu slaidi yenyewe inapokiri, mfano tanbihi ya maandishi madogo inayosema "inahitaji intaneti muda wote". Usizidharau hizo tanbihi, wala maelezo ya mtoa mada yaliyo chini ya slaidi. Mara nyingi ukweli umejificha huko. Na kila kisanduku nakiwekea namba ya slaidi: "Ndiyo (sl. 7)". Mtu akibisha, tunafungua slaidi, hatubishani.

Kuna hali ya katikati inayosumbua zaidi. Mshindani wa pili aliandika "watumiaji 50", sisi "watumiaji 200". Ukiziweka sambamba tunaonekana tumewaacha mbali. Lakini zetu zilikuwa akaunti zilizosajiliwa, na yeye hakusema kama ni akaunti au ni watu wanaoingia kwa wakati mmoja. Niliandika "50, aina haijaelezwa (sl. 12)", nikaacha kumtangaza mshindi kwenye mstari huo. Vivyo hivyo "inakuja hivi karibuni" isihesabiwe kuwa ipo, hata ikiwa imetoka kwenye slaidi zetu.

Kosa jingine huanzia kwenye kuchagua mistari. Ukichukua vipengele kutoka slaidi zako peke yake, lazima wenzako waonekane hawana kitu. Pitia slaidi za wote watatu kwanza, kusanya kila kipengele kilichotajwa na yeyote, ndipo uanze kujaza. Nilipofanya hivyo, mistari 12 ikawa 18, na kwenye minne kati ya ile mipya sisi ndio tuliokuwa "Haijatajwa". Bosi hakufurahi, ila vipengele viwili kati ya hivyo tulikuwa navyo, basi tu hakuna aliyeviandika.

Mwisho hesabu mapengo kwa kila safu. Weka "Haijatajwa" peke yake kwenye kisanduku, la sivyo fomula hii haitaihesabu:

```
=COUNTIF(C2:C19,"Haijatajwa")
```

Mshindani wa kwanza alitoka na 11 kati ya 18. Safu ya namna hiyo siipeleki kwa mteja; naigeuza orodha ya maswali, nampa mtu wa mauzo akayaulize.