Ukitoa taslimu kwa kadi ya mkopo, usisubiri taarifa ya mwezi

Mdogo wangu anajenga Nzuguni, hapa Dodoma. Fundi alipodai hela ya kupaua na mshahara bado haujaingia, alienda ATM akatoa 500,000 kwa kadi ya mkopo. Taarifa ya kadi ilipokuja alilipa kila shilingi iliyoandikwa. Mwezi uliofuata akadaiwa tena.

"Dada, si nimemaliza deni? Hii ya nini tena?"

Tulikaa na kalamu tukapiga hesabu. Masharti ya kadi yake ni ada ya asilimia 5 papo hapo na riba ya asilimia 0.1 kwa siku. Alitoa tarehe 3 Machi, na hapo hapo ada ya 25,000 ikaongezwa, deni likawa 525,000. Riba yake ni shilingi 525 kila siku, na ilianza kuhesabiwa siku ileile. Taarifa ilifungwa tarehe 20, siku 17 baadaye, ikaonyesha 533,925. Yeye alilipa tarehe 10 Aprili, siku ya mwisho aliyopewa. Lakini kati ya tarehe 20 na siku hiyo zilipita siku 21 ambazo taarifa isingeweza kuzionyesha, kwa sababu zilikuwa bado hazijafika. Hizo ndizo 11,025 zilizomrudia, hata kabla ya kuhesabu riba juu ya riba ambayo baadhi ya benki hutoza.

Kinachowachanganya wengi ni ile tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukinunua bidhaa dukani kwa kadi na ukalipa deni lote kabla ya tarehe hiyo, kwa kawaida hutozwi riba. Fedha taslimu hazina nafasi hiyo. Kwake tarehe ile inamwepusha na faini ya kuchelewa tu; riba inatembea usiku na mchana.

Kwa hiyo, ukishalazimika kutoa, rudisha siku unapopata hela, usingoje taarifa. Piga simu benki uulize, "Nikilipa leo, nidaiwe sifuri, ni kiasi gani?" Lipa hicho, kisha angalia taarifa inayofuata uone kama kuna kilichobaki. Angelipa tarehe 10 Machi, riba ingekuwa 3,675 badala ya jumla ya 19,950. Ada ya 25,000 hairudi hata ukilipa kesho yake, ndiyo maana kukopa namna hii kwa wiki moja tu ni ghali mno.

Mimi nilimshauri ageuze mpango. Saruji na bati anunue kwa kadi kwenye duka la vifaa vya ujenzi lenye mashine ya malipo, na taslimu aliyokuwa ameitenga kwa vifaa hivyo ampe fundi. Aulize kwanza kama duka linaongeza chochote kwa anayelipa kwa kadi. Pia kadi iwe haina deni la nyuma, maana kwenye kadi nyingi, ukiwa na salio ulilobakiza, hata saruji huanza kutozwa riba tangu siku ya kununua.