Vipele vya siku tatu nilivyodhani ni joto

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nina mimba ya wiki kumi. Mtoto wa mpangaji mwenzangu ametoka vipele, na jana nimeshinda naye mgongoni. Kuna shida?" Nilisoma mara tatu. Inawezekana ipo, mdogo wangu, na mimi naijua kwa jina: rubela.

Mwaka 2012 nilikuwa na mimba ya wiki 14. Niliamka uso una vipele vidogo vyekundu, jioni vikashuka kifuani, siku ya tatu vimekwisha. Homa ilikuwa ndogo tu. Kilichonisumbua ni vidole kuuma kwenye viungo, na vinundu viwili nyuma ya masikio. Zahanati walinipima malaria, hakuna, wakanipa panadol na losheni. Aliyenihudumia alisema ni joto. Hakuniuliza kama mtaani kuna watoto wenye vipele, nami sikumwambia kwamba wa jirani wawili walikuwa navyo. Ile kauli ya joto bado inanichoma hadi leo.

Mwanangu alizaliwa mzima kwa macho ya kila mtu. Alilia, akanyonya, akacheka kwa wakati wake. Akiwa na miezi kumi na moja mfuniko wa sufuria uliniponyoka ukaanguka sakafuni nyuma yake, kuku mlangoni wakatimka, yeye akaendelea kucheza na kijiko chake. Mama mkwe akasema baba yake naye alichelewa. Nikakubali, maana mlango ukibamizwa alikuwa anashtuka! Baadaye ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anahisi mtikisiko wa sakafu, si sauti. Mtoto kiziwi hudanganya hivyo, na wengine hutoa hata zile "ba-ba-ba" za mwanzo, kisha wananyamaza.

Sitasimulia miezi ya kuzungushwa, wala waganga waliosema nimerogwa na wifi. Alipofika miaka miwili na miezi mitatu, hospitali ya rufaa walimpima amelala, nyaya kichwani, wakaona mshipa haupeleki sauti. Daktari akauliza: "Mama, ulitoka vipele ukiwa mjamzito?" Nililia hapohapo.

Akanieleza taratibu. Kirusi cha rubela hupita kwenye kondo kikaingia kwa mtoto, na madhara yanafuata wiki za mimba. Wiki 12 za kwanza ndizo mbaya zaidi: moyo, mtoto wa jicho na masikio vyote vinaweza kuguswa. Kuanzia wiki ya 13 hadi ya 16 mara nyingi kinachoharibika ni kusikia peke yake, ile sehemu ya ndani ya sikio yenye umbo la konokono. Ndiyo maana wangu hakuwa na alama yoyote ya nje. Baada ya wiki 20 hatari inapungua sana. Uthibitisho kamili sikuupata; damu ya mtoto ilitakiwa ipimwe akiwa mchanga, nasi tulikuwa tumechelewa miaka miwili.

Dawa ya kuizuia isimfikie mtoto ukishaipata hakuna. Kinga ni chanjo, na hapa naomba mnisikilize. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, kwa kampeni ya watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15, na sasa mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, kisha 18. Fanya hesabu: aliyezaliwa kabla ya 1999 kampeni ile haikumgusa. Wengi wetu tuliugua utotoni bila kujua, tuna kinga. Asiye nayo ndiye aliye hatarini, na hawezi kujijua kwa kujitazama kwenye kioo.

Mdogo wangu alipotaka kuolewa nilimburuta maabara. Kingamwili hana. Akachanjwa hospitali binafsi, ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela, akaambiwa asishike mimba kwa mwezi mmoja. Virusi vya chanjo ni hai ingawa vimedhoofishwa, kwa hiyo mjamzito hachanjwi. Kama ulichanjwa hujui una mimba, usikimbilie kuitoa; haijaonekana kuleta ulemavu huu. Ukikosa nafasi ya kuchanjwa kabla ya mimba, chanjwa ukishajifungua, hata kama unanyonyesha. Na mpeleke wa miezi 9 kliniki, maana watoto ndio wanaotuletea rubela nyumbani.

Msomaji wangu nilimwambia asisubiri vipele, maana kuna wanaougua bila kutoka hata kimoja. Apimwe sasa, siku chache tangu ambebe yule mtoto: kingamwili za zamani zikionekana, amekuwa nazo tangu kabla. Zisipoonekana, arudie baada ya wiki mbili tatu, na daktari wa kliniki yake ajue.

Damu imechukuliwa asubuhi. Nimeshika simu kuliko yeye.